Cheti cha Riba ya Mkopo wa Nyumba, na Nambari ya Kuandika

Kila mwaka, kati ya Januari na tarehe 30 Juni, Mkenya mwenye mkopo wa nyumba hupokea kutoka benki karatasi moja ambayo wengi huiweka kwenye droo bila kuisoma. Ni cheti cha riba. Kinaeleza ni kiasi gani cha fedha alizolipa mwaka uliopita kilikuwa riba na ni kiasi gani kilipunguza deni lenyewe. Mamlaka ya Ushuru, KRA, inajali ile sehemu ya riba tu, kwa sababu sheria ya ushuru wa mapato inamruhusu mtu kuitoa kwenye mapato yake kabla ushuru haujakokotolewa, mradi nyumba ni ile anayoishi. Kwa miaka kadhaa kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 yalikipandisha hadi 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa hoteli mjini Nakuru anayelipwa 120,000 kwa mwezi. Benki ilimpa shilingi milioni 3 mwishoni mwa Desemba 2024, kwa riba ya asilimia 9, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi anakatwa 26,992. Mwezi wa kwanza, 22,500 kati ya hizo ni riba, na zinazobaki, 4,492, ndizo zinazopunguza deni. Mwenye mkopo mpya hushtuka anapoona hivyo, lakini ndivyo mikopo ya nyumba ilivyo: miaka ya mwanzo unalipa riba zaidi, ya mwisho unalipa deni zaidi. Ndiyo maana cheti cha mwaka huu hakiwezi kunakiliwa kutoka cha mwaka jana hata kama makato ya kila mwezi hayajabadilika.

Cheti chake cha mwaka 2025 kina nambari nne za kuangalia. Deni la kuanzia ni 3,000,000. Jumla ya malipo ni 323,901. Riba ni 267,720. Salio la tarehe 31 Desemba ni 2,943,819. Kabla hajafungua iTax, afanye hesabu moja ndogo: deni la kuanzia, ongeza riba, toa malipo, na jibu liwe sawa na salio. Hapa linalingana. Lisipolingana, kuna kitu kingine ndani ya malipo. Mara nyingi huwa ni bima ya mkopo, ada ya benki au faini ya kuchelewa kulipa. Hivyo si riba ya mkopo na haviruhusiwi kukatwa kwenye mapato, hata kama benki imevikusanya siku ileile kutoka akaunti ileile.

Kosa la kawaida zaidi ni kuandika jumla ya malipo, kwa sababu ndiyo nambari kubwa na ndiyo mtu anayoikumbuka kutoka mfukoni. Mhasibu wetu akiandika 323,901 badala ya 267,720, iTax haitamzuia, kwa kuwa nambari zote mbili ziko chini ya kikomo. Atakuwa amejipunguzia mapato kwa 56,181 asizostahili. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wake inatozwa asilimia 30, hiyo ni takriban 16,854 za ushuru ambazo KRA inaweza kuzidai baadaye pamoja na adhabu.

Kuna tofauti nyingine ya neno moja inayostahili macho makali: riba iliyotozwa na riba iliyolipwa. Benki huandika riba kwenye akaunti kila mwezi, uwe umelipa au hujalipa. Sheria inazungumzia riba iliyolipwa ndani ya mwaka wa mapato, na mwaka huo ni Januari hadi Desemba. Mtu aliyeruka miezi mitatu huenda akapewa cheti chenye riba yote iliyotozwa. Akilinganisha na taarifa ya akaunti ya mkopo ataona pengo, na nambari ya kuandika ni ile ndogo. Vilevile cheti kinachoanza tarehe uliyochukua mkopo, tuseme Aprili hadi Machi, hakifai. Rudi benki uombe cha mwaka wa kalenda.

Kitu ambacho cheti hakiwezi kukuambia ni lini ulihamia. Ukilipa mkopo tangu Aprili lakini ukaingia kwenye nyumba Oktoba, makato yanapunguzwa yalingane na miezi uliyoishi humo. Ukiipangisha nyumba hiyo na wewe ukaishi kwingine, hupati unafuu huu kabisa, hata cheti kiwe kizuri namna gani. Na ni nyumba moja tu kwa mtu mmoja. Mkopo wa kawaida wa mshahara ulioutumia kununua gari nao hauingii hapa, kwa maana sheria inataka fedha ziwe zimekopwa, kutoka taasisi inazozitambua, kwa ajili ya kununua au kuboresha makazi. Sheria ya Fedha ya 2025 iliongeza na ujenzi.

Sasa fomu. Kwenye sehemu ya riba ya mkopo wa nyumba, iTax inaomba PIN ya benki, nambari ya akaunti ya mkopo, kiasi ulichokopa, salio la mwisho wa mwaka na riba uliyolipa. PIN inayotakiwa hapo ni ya benki, si yako. Kama cheti hakina PIN hiyo, kirudishe.

Wengi hukwama wakiuliza: ikiwa mwajiri tayari amenipa unafuu huu kila mwezi, kwa nini niuandike tena? Angalia fomu yako ya P9, ambapo riba ya nyumba unayoishi huonyeshwa. Ritani haiendelezi hesabu ya mwajiri. Inaanza upya kutoka mshahara wote, halafu inatoa PAYE uliyokatwa. Mhasibu wetu akiacha sehemu ya mkopo wazi ilhali mwajiri aliizingatia, skrini itamwonyesha anadaiwa 80,316, ambayo ni asilimia 30 ya 267,720. Hapo watu huanza kumlaumu mwajiri au hata kulipa deni ambalo halipo. Dawa ni kurudi kwenye fomu na kuandika kilicho kwenye cheti.

Ikiwa mwajiri hakuizingatia, kiasi hichohicho kitajitokeza kama ushuru uliolipwa zaidi, nawe utaomba marejesho. Tegemea kuombwa cheti. Binafsi naona ni nafuu kumpelekea mwajiri nakala mapema kuliko kusubiri marejesho, na tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri azingatie makato na unafuu wote unaostahili anapokokotoa PAYE.

Usichanganye karatasi hii na cheti cha riba uliyopewa na benki kwa akiba yako ya muda maalumu. Kwa mkazi wa Kenya, benki hukata asilimia 15 ya riba hiyo moja kwa moja, na ushuru wake huwa umeishia hapo.

Omba cheti Januari, kabla foleni za Juni, kisha ukihifadhi kwa miaka 5 pamoja na P9 na taarifa za akaunti ya mkopo. Huo ndio muda ambao sheria inataka kumbukumbu zako za ushuru ziwepo.