Beti fupi ya mahafali ya dada: vina viwepo, lakini ulimi usipinde

Msimu wa mahafali ukifika Morogoro, simu hujaa picha za majoho. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hupiga picha huku milima ya Uluguru ikionekana nyuma yao, na jioni picha hizo huwa kwenye kundi la familia. Kazi inayobaki ni maneno ya chini ya picha, na mara nyingi humwangukia mdogo mtu nyumbani, yule anayesifiwa kwa Kiswahili kizuri.

Chukua mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayetaka kumwandikia dada yake beti fupi yenye vina. Jaribio lake la kwanza linaweza kuwa hili:

*Dada yangu wa thamani,*
*Umetoka masomoni,*
*Leo upo furahani,*
*Hongera toka moyoni.*

Kwa hesabu, beti hii haina kosa. Kila mstari una mizani nane, yaani silabi nane, na yote minne inaishia kwa kina cha "ni". Hata hivyo mtu akiisoma kwa sauti atahisi kitu hakijakaa sawa. Hakuna anayemwambia dada yake "upo furahani". Watu husema "umefurahi" au "una furaha". Neno limepindwa ili lifike kwenye kina. "Umetoka masomoni" nako kunaweza kueleweka kwamba amerudi tu kutoka darasani.

Chanzo cha tatizo ni hiyo "ni". Kiswahili humruhusu mtu kuibandika kwenye majina mengi ya kawaida ili kuonyesha mahali: nyumbani, shuleni, kazini. Kina kinachopatikana kirahisi namna hiyo humfanya mtunzi aanze na mwisho wa mstari, kisha atafute cha kusema. Matokeo yake ni beti inayoweza kuwekwa chini ya picha ya dada yeyote, wa chuo chochote. Mama aliyelipa ada hayumo, na miaka ya kuhangaika haimo.

Njia inayosaidia ni kuanza na sentensi ya kawaida, bila kuwaza vina kabisa. Mzazi anaweza kumuuliza kijana: ukimkumbuka dada yako kabla ya chuo, unamwona akifanya nini? Tuseme familia hii ina shamba Mgeta, upande wa Uluguru unaojulikana kwa mboga, na dada wakati wa likizo alikuwa akishuka na mama kuleta kabichi mjini. Siku ya mahafali, wahitimu wa kozi yake walipoitwa, mama alisimama na kupiga vigelegele. Sentensi inakuwa hivi: "Ulikuwa unashusha kabichi na mama kutoka Mgeta, leo umevaa joho na mama amesimama."

Sasa ndipo mizani ianze kuhesabiwa. Katika shairi la kimapokeo lenye mistari minne, ambalo sheria zake Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, mstari kwa kawaida huwa na mizani 16, nane kila upande. Kwenye kioo cha simu, mstari wa mizani 16 unaweza kukatika vibaya na kushuka chini, na msomaji akapoteza mapigo. Nusu yake, yaani mizani nane, hukaa vizuri.

Wengi hukosea kuhesabu kwenye "m". Katika "Mgeta", "m" inasimama peke yake na ni mizani moja: m-ge-ta, tatu. Katika "mwana", "mwa" hutamkwa kwa pamoja, hivyo ni mbili tu: mwa-na. Ukipiga kofi kwa kila silabi utaisikia tofauti bila kuhitaji mwalimu.

Kijana akiigawa sentensi yake kwa makofi, anaweza kupata hivi:

*Kabichi toka Mgeta,*
*Ulizishusha na mama,*
*Leo umevaa joho,*
*Dada, mama kasimama.*

Jaribu mstari wa pili: u-li-zi-shu-sha na ma-ma. Nane. Wa mwisho: da-da, ma-ma ka-si-ma-ma. Nane pia. Kina kipo kwenye mstari wa pili na wa nne, na kinasikika vizuri kwa sababu ya mkazo. Neno la Kiswahili kwa kawaida hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sheria ya zamani hutosheka silabi ya mwisho ikifanana, lakini hapa zinafanana mbili, "ma-ma" na "ma-ma", ikiwamo ile yenye mkazo. Sikio linaridhika mapema, na beti haihitaji kina kila mstari.

Mpenzi wa mashairi atauliza: mbona "Mgeta" na "joho" havina kina? Kijana anaweza kujaribu "Leo joho umeleta". Mizani ni nane na "leta" inaitikia "Mgeta". Lakini nyumbani mtu angesema "leo umeleta joho". Akitaka kulitanguliza joho, angesema "joho umelileta", na hiyo "li" ingefanya mizani kuwa tisa. Hapo lazima kimoja kiachwe, kina au usemi. Kwa shairi la kupeleka mashindanoni, kina kingeshinda. Kwa maneno ya chini ya picha, yanayosomwa mara moja na shangazi akiwa kwenye daladala, ni afadhali usemi ushinde.

Washairi wana ruhusa ya kufupisha maneno, na huiita inkisari. Katika beti hii "kutoka" limekuwa "toka", na "amesimama" limekuwa "kasimama". Yote mawili hayasumbui, kwa sababu ndivyo watu wanavyozungumza kila siku. Hicho ndicho kipimo: kama ufupisho huo unasikika mezani wakati wa kula, utumie. Kama unapatikana vitabuni tu, tafuta neno lingine.

Anayeandika akibadilika, mstari nao hubadilika. Kaka mkubwa hawezi kuondoa "Dada" na kuweka "Mdogo wangu", kwa sababu mizani itazidi. Anaweza kuandika "Ona, mama kasimama". Mama mwenyewe akitaka kuiweka, mstari wa mwisho unakuwa "Mwanangu, nimesimama", nao ni nane.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, yamebaki mambo mawili. La kwanza ni kumpa mtu mwingine aisome kwa sauti bila kuelekezwa. Akijikwaa au akirudia neno, hapo ndipo palipolazimishwa, hata kama hesabu imekamilika.

La pili ni kumuuliza dada. Kabichi za Mgeta zinaweza kuwa fahari yake, na zinaweza pia kuwa jambo asilotaka kulieleza kwa wenzake wa kazi mpya. Kwenye kundi la familia beti hii haina tatizo. Kwenye ukurasa unaosomwa na watu wote, uamuzi ni wake. Akikataa, kijana arudi kwenye swali lile la mwanzo na kutafuta kumbukumbu nyingine. Mizani nane itaipokea hiyo pia.

Akikubali, mama asomewe kwanza, kabla ya picha kwenda kokote. Yeye ndiye aliyemo kwenye mistari miwili kati ya minne.