Jina la kazini na jina la mchezoni

Tuseme mhasibu mmojawapo wa Arusha anacheza michezo ya mtandaoni kwa jina `simbawavita99`. Ni jina zuri la vita. Kisha anafungua ukurasa wa LinkedIn, na kwa uvivu analitumia hilohilo kwenye anwani yake: `linkedin.com/in/simbawavita99`.

Anwani hiyo ataiandika kwenye wasifu wa kuombea kazi. Mwajiri mdadisi akiinakili na kuitafuta, hahitaji ujuzi wowote. Ipo hata programu ya bure, Sherlock, inayopokea jina moja na kukagua mamia ya tovuti kuona lilikosajiliwa:

```
sherlock simbawavita99
```

Matusi ya usiku wa manane aliyomrushia mpinzani miaka 6 iliyopita yanakaa jirani na shahada yake. Ubaya zaidi, Sherlock haijui nani ni nani. Kama kijana mwingine wa Mombasa alijichagulia jina hilo, uchafu wake nao utahesabiwa kwa mhasibu wetu.

Kwa kazi, jina halisi linatosha. Likiwa limeshachukuliwa, aongeze herufi ya jina la kati au taaluma. Mwaka wa kuzaliwa auache, maana unamtangazia umri bure. La mchezoni libaki la utani, lakini lipewe picha tofauti na barua pepe tofauti, kwani picha ileile huunganisha kurasa mbili hata majina yakitofautiana. Kubadilisha baadaye hakufuti yote: maoni ya zamani yaliyonakiliwa na wengine hubaki na jina la awali.