Ufunguo wa chumba si jibu

Katika vyumba vya kupanga vya Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, si ajabu wanafunzi wawili au watatu kuishi chumba kimoja. Mmoja akisafiri kwao wikendi, aliyebaki humwita mpenzi wake upesi, maana nafasi kama hiyo ni adimu.

Hapo ndipo shinikizo huingia. Mgeni aliyekubali kunywa chai hujikuta amefungiwa mlango, usiku umeingia, matatu zimepungua. Akinyamaza, au akitazama saa kila mara, mwenyeji asidhani amekubali. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 42, yataka mtu akubali kwa hiari, akiwa na uhuru wa kuchagua.

Kwa hiyo kutaneni kwanza mchana, ufukweni Dunga au kwenye Makumbusho ya Kisumu, kila mmoja na nauli yake ya kurudi. Chumba kifuate baadaye, kwa saa mliyopatana na mwenzako wa chumbani.

Ukilazimishwa, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita, upewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.