Saruji Inapouzibia Ukuta Pumzi

Kuta za kale za Mji Mkongwe, Unguja, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hufyonza maji ya ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Plasta ya chokaa huyaacha yakauke. Ya saruji huyazuia, nayo yakapanda juu zaidi.

Papasa ukuta: ukikuta unga mweupe na unyevu unaokoma kama mita moja kutoka sakafuni, ndio huo. Doa la juu peke yake mara nyingi ni paa linalovuja.

Bandua saruji hadi nusu mita juu ya alama. Nje, chimba udongo ushuke chini ya usawa wa sakafu, na maji ya paa yapeleke mbali. Subiri miezi ukuta ukauke, kisha piga chokaa kwa mchanga usio na chumvi, moja kwa tatu. Rangi ya mafuta usiipake kabisa.