Mwizi mwenye kadi ya grafiksi na paswadi yako: kwa nini tunamlazimisha atumie memori

"Nyinyi mkiibiwa huko kwenu, paswadi yangu si itaonekana?" Swali hili tuliulizwa na mama mmoja muuza viazi karai pale Tononoka, siku tulipoweka meza ya huduma kwa wateja karibu na uwanja. Si yeye wa kwanza, na ni swali zuri kuliko mengi tunayoulizwa. Jibu fupi ni hapana, kwa sababu hata sisi hatuioni. Lakini jibu fupi halitoshi, maana mwizi akishapata faili letu haji kusoma, anakuja kukisia. Na siku hizi kukisia kuna mashine zake.

Tuanze na kile tunachohifadhi. Ukifungua akaunti kwenye apu na kuweka paswadi, seva yetu inaipitisha kwenye hesabu inayoitwa hashi. Hesabu hiyo inakwenda mbele tu. Paswadi inaingia, inatoka mlolongo wa herufi na tarakimu zisizoeleweka, na hakuna njia ya kuurudisha nyuma ukapata paswadi. Tunachoweka kwenye hifadhi ni huo mlolongo. Kesho ukiingia, tunafanya hesabu ile ile kwa ulichoandika kisha tunalinganisha matokeo. Yakifanana, karibu ndani.

Kabla ya hesabu tunaongeza pia kitu ambacho mafundi wanakiita chumvi, yaani tarakimu za bahati nasibu ambazo ni zako peke yako. Kwa hiyo hata wewe na jirani yako mkiwa na paswadi moja, hashi zenu hazifanani, na mwizi hawezi kuwakisia wote kwa mpigo mmoja. Mwaka 2012 mtandao wa LinkedIn ulivuja hashi milioni 6.5 ambazo hazikuwa na chumvi kabisa na zilitumia hesabu ya haraka iitwayo SHA-1. Nyingi zilifunguliwa ndani ya siku chache. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba wizi ule ule ulikuwa umebeba akaunti zaidi ya milioni 100.

Tatizo hapo halikuwa chumvi peke yake. Neno "haraka" ndilo lenye balaa. Hashi kama SHA-1 na ndugu yake SHA-256 zilitengenezwa zifanye kazi upesi, jambo ambalo ni sawa kwa kukagua kama faili limeharibika, lakini ni hatari kwa paswadi. Mwizi mwenye hashi yako anachukua neno, analihashi, analinganisha. Halifanani, anachukua jingine. Kasi ya hesabu ndiyo kasi yake yeye.

Sasa tupige hesabu yenyewe. Kadi ya grafiksi ni kile kifaa kinachowafanya vijana wacheze gemu za mpira bila picha kukwamakwama. Kadi iitwayo RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, ina vichakataji vidogo 16,384 vinavyofanya kazi kwa pamoja. Ikipewa SHA-256, inafanya makisio takriban bilioni 22 kwa sekunde. Chukua paswadi ya herufi nane ndogo zilizochaguliwa ovyo, kama `kqzuwbte`. Ukihesabu michanganyiko yote inayowezekana unapata karibu bilioni 209. Gawanya kwa bilioni 22: sekunde kumi hazifiki. Kadi moja tu hiyo.

Chipu maalum ni mbaya zaidi. Hii ni chipu inayochongwa kwa kazi moja tu, haijui kitu kingine. Mashine za kuchimba bitcoin ndizo mfano unaojulikana: Antminer S19 Pro inafanya hesabu za SHA-256 zipatazo trilioni 110 kila sekunde. Mashine hiyo yenyewe haiwezi kuvunja paswadi, kwa sababu imefungwa kwenye kazi ya bitcoin. Ila inatuonyesha mtu mwenye pesa za kuchongesha chipu anaweza kufika wapi.

Wazo la kwanza la kujikinga lilikuwa kurudia hesabu mara elfu nyingi ili ichelewe. Linasaidia, lakini linawachelewesha wote kwa kiwango kile kile, sisi na mwizi, naye bado ana vichakataji elfu kumi na kitu vya kufanya kazi sambamba huku seva yetu ikiwa na vichache. Mwaka 2009 Colin Percival, aliyekuwa akijenga huduma yake ya kuhifadhi nakala za mafaili, alitoa hashi iitwayo scrypt ikiwa na wazo tofauti: usidai muda tu, dai memori.

Fikiria arusi. Ukiwa na vijana elfu kumi na sita na kazi ni kumenya vitunguu, kila mmoja anahitaji kisu na nafasi ya kukaa, na kazi inakwisha mara moja. Lakini ukisema kila mmoja apike sufuria nzima ya pilau kwenye mafiga yake, uani hapatoshi. Watu unao, visu unavyo, ila uwanja unaishia kwenye sufuria mia tatu na kitu, na vijana waliobaki wamesimama wanatazama. SHA-256 ni vitunguu. Hashi ya memori ni sufuria.

Sisi tunatumia Argon2id. Ni ya familia ya Argon2, iliyoandikwa na Alex Biryukov, Daniel Dinu na Dmitry Khovratovich wa Chuo Kikuu cha Luxembourg, ikashinda shindano la dunia la hashi za paswadi mwaka 2015. Rekodi moja kwenye hifadhi inaonekana hivi:

```
$argon2id$v=19$m=65536,t=3,p=4$chumvi$hashi
```

Pale penye `m=65536` ndipo penye siri yote, japo si siri, iko wazi kabisa. Inamaanisha vipande 65,536 vya memori, kila kimoja kilobaiti moja, jumla megabaiti 64 kwa jaribio moja la paswadi. Seva inaanza na paswadi yako na chumvi, inatengeneza kipande cha kwanza, halafu cha pili, na kuendelea. Kila kipande kipya kinachanganywa kutoka kwa kile kilichotangulia na kingine cha nyuma zaidi, na kwa sehemu kubwa ya kazi huwezi kujua ni kipi mpaka ufike hapo. `t=3` ni kwamba inapita memori yote mara tatu. `p=4` ni kugawa kazi kwenye njia nne.

Hapo ndipo mwizi anapokwama. Kadi yetu ile ina memori ya gigabaiti 24. Gawanya kwa megabaiti 64: makisio 384 kwa wakati mmoja, basi. Kati ya vichakataji 16,384, vingi havina pa kukaa. Hata hao 384 wanagombea mlango mmoja, kwa sababu memori ya kadi hiyo inapitisha karibu terabaiti moja kwa sekunde na kila kisio linataka kuandika na kusoma mamia ya megabaiti. Tukimpa mwizi hali nzuri kuliko atakayoipata, tuseme makisio 2,000 kwa sekunde. Zile sekunde kumi za `kqzuwbte` zinakuwa zaidi ya miaka mitatu.

Je, hawezi kudanganya? Ahifadhi nusu ya vipande tu, apate nafasi ya makisio mengi zaidi? Anaweza kujaribu. Lakini kipande alichokitupa kikiitwa, inambidi akihesabu upya, na ili akihesabu anahitaji vile viwili vilivyokizaa, ambavyo pengine navyo alivitupa. Kadiri anavyobana memori ndivyo deni la hesabu linavyopanda, mpaka akiba inakosa maana.

Kwa mwenye chipu maalum hali ni ile ile. Faida ya kuchonga chipu ni kubana maelfu ya vikokotoo kwenye kipande kidogo cha silikoni. Kila kikokotoo kikidai megabaiti 64 pembeni yake, karibu chipu nzima inakuwa memori, na memori ni bidhaa ya dukani ambayo watengenezaji wakubwa tayari wanaiuza kwa bei ambayo mwizi hataishusha. Ananunua pale pale tunaponunua sisi.

Kiasi cha memori ndicho kinachoamua, si jina la hashi. Sarafu ya Litecoin ilichagua scrypt mwaka 2011, lakini ikaiweka kwenye kilobaiti 128 tu. Kiasi hicho kinaenea ndani ya chipu bila shida, na kufikia 2014 chipu maalum za kuchimba Litecoin zilikuwa sokoni. Kwa hiyo kampuni ikikwambia "tunatumia scrypt", swali linalofuata ni: kwa memori kiasi gani?

Na sisi tunalipa. Wateja mia wakiingia kwenye apu kwa sekunde moja jioni ya mwisho wa mwezi, seva zinahitaji zaidi ya gigabaiti sita kwa kazi hiyo peke yake. Ndiyo maana kuingia kunachukua kitambo kidogo, na ndiyo maana tunaweka kikomo cha majaribio: mtu mbaya anaweza kutuma maombi ya uongo kwa wingi ili ajaze memori yetu. Tungeweza kuweka gigabaiti mbili kwa kila jaribio, lakini foleni ingefika Likoni feri.

Sasa mipaka yake, kwa sababu hii si dawa ya kila kitu. Makisio 2,000 kwa sekunde bado yanatosha kupitia orodha ya paswadi 10,000 zinazopendwa zaidi ndani ya sekunde tano. Kama yako ni `123456` au jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, memori haitakuokoa. Na PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, kwa hiyo nayo ni sekunde tano hizo hizo, hata ukiihashi vipi. PIN haiwezi kulindwa na Argon2id peke yake. Inalindwa kwa kufungiwa ndani ya kifaa maalum ambacho funguo zake hazitoki nje, na kwa kuhesabu makosa: ukikosea mara tatu, akaunti inafungwa. Ndiyo maana pia hatukuruhusu utumie PIN kama paswadi ya apu.

Huko kwingine unakojisajili, unaweza kupima mwenyewe. Bonyeza "nimesahau paswadi". Wakikutumia paswadi yako ya zamani kwa meseji au imeili, basi hawakuihashi, wanayo mzima mzima. Wakikukatalia paswadi ndefu zaidi ya herufi kumi na mbili, tia shaka pia, kwa sababu hashi haijali urefu. Mlolongo unaotoka una urefu ule ule.

Na tukivujisha? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatupa saa 72 tangu tugundue kumjulisha Kamishna wa Data pale penye hatari ya kweli kwa wateja, na nyinyi tunawajulisha kwa maandishi. Ile miaka mitatu ya mwizi ndiyo inayofanya taarifa hiyo iwe na faida, kwani unapata muda wa kubadilisha. Ukibadilisha, chumvi inakuwa mpya na ile rekodi iliyoibwa haifungui tena akaunti yako hapa. Kwingine ulikotumia paswadi hiyo hiyo bado inafungua, kwa hiyo badilisha na huko siku hiyo hiyo.