Ukurasa mmoja wa daftari uliomfunza mhasibu kupoteza kidogo

SAA tatu usiku, siku ambayo Benki Kuu ya Marekani ilikuwa inatangaza kiwango cha riba, mhasibu mmoja wa miaka 27 alikuwa ameketi kitandani kwake Umoja, Nairobi, simu mkononi. Alikuwa amenunua Euro dhidi ya Dola, akitarajia bei ipande. Ilishuka.

Akasogeza chini Stop Loss, ile bei ya kumtoa sokoni akikosea. Bei ikazidi kushuka. Akanunua tena kiasi kile kile, akiamini kwamba sasa amepata kwa bei nafuu. Kufikia saa nne alikuwa amepoteza Dola 240, yaani takriban Sh31,200, kutoka kwa akaunti ya Dola 400.

“Nilikuwa najiambia itarudi tu. Haikurudi. Kesho yake nikaenda kazi kama kawaida, nikawa naangalia meza tu,” anasema kijana huyo, ambaye aliomba tusimtaje jina kwa sababu bosi wake hajui anafanya biashara hiyo.

Ukimuuliza leo kosa lilikuwa wapi, hataji soko. Anasema hakuwa ameandika popote ataingia lini, atatoka wapi na atakubali kupoteza pesa ngapi. Maamuzi hayo yote aliyafanya bei ikiwa inakimbia mbele ya macho yake, na hapo ndipo mtu huamua vibaya zaidi.

Baada ya kupumzika miezi miwili, aliongeza pesa hadi akaunti ikafika Dola 300. Kabla ya kubonyeza chochote, alikaa chini na kuandika mpango wa ukurasa mmoja. Mpango wenyewe una sehemu tatu: kuingia, kupoteza na kukagua.

Kuingia: saa mbili usiku, basi

Kijana huyu yuko kazini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa hivyo mbinu za kukodolea macho chati ya dakika tano hazimfai. Alichagua chati ya saa nne, ambapo kila mshumaa unaonyesha mwendo wa bei kwa saa nne. Kwa broka wake, mshumaa mmoja hufungwa saa mbili usiku, wakati yeye amefika nyumbani na kula. Marekani wakibadilisha saa majira ya baridi, mshumaa huo hufungwa saa tatu.

Anatazama EUR/USD peke yake. Ili anunue, mambo matatu lazima yawe yametimia. Kwanza, kwenye chati ya siku, bei iwe juu ya wastani wake wa siku 50. Pili, kwenye chati ya saa nne, bei iwe imeteremka hadi eneo ambalo limewahi kuizuia isishuke angalau mara mbili. Tatu, mshumaa wa saa mbili usiku ufungwe juu ya kilele cha mshumaa uliotangulia. Kuuza ni kinyume cha hayo yote. Likikosekana moja tu, anafunga tarakilishi.

Tuchukue mfano aliotuonyesha. Wastani wa siku 50 ulikuwa 1.0790 na bei ilikuwa juu yake. Ilikuwa imeteremka hadi karibu na 1.0820, mahali ilipokuwa imegeukia mara mbili mwezi huo. Mshumaa uliotangulia ulikuwa na kilele cha 1.0838. Ule wa saa mbili ulishuka hadi 1.0819, ukapanda hadi 1.0843, kisha ukafungwa 1.0841. Masharti yote matatu yalikuwa yametimia.

Hakununua papo hapo. Aliweka agizo la Buy Stop kwenye 1.0845, juu kidogo ya kilele, ili bei yenyewe ithibitishe kwamba inapanda. Stop Loss akaiweka 1.0817, chini kidogo ya pale mshumaa uliposhuka. Umbali kati ya bei hizo mbili ni pipsi 28. Take Profit, bei ya kutoka na faida, ikawa mara mbili ya umbali huo: pipsi 56 juu, yaani 1.0901. Kisha akalala. Agizo lisipoguswa kufikia saa mbili usiku wa siku inayofuata, hulifuta.

Siku ambayo Benki Kuu ya Marekani inatangaza riba, haweki agizo. Na Ijumaa saa nne usiku hufunga chochote kilichobaki wazi, kwa sababu soko likifunguliwa tena baada ya wikendi bei inaweza kuruka Stop Loss, nawe ukatolewa kwa hasara kubwa kuliko uliyopanga.

Kupoteza: hesabu hutangulia

Kabla ya kuwaza faida, mpango unasema atakubali kupoteza asilimia moja ya akaunti kwa kila biashara. Kwa Dola 300, hiyo ni Dola 3, karibu Sh390 ukihesabu Dola kwa Sh130.

Kiasi kidogo zaidi ambacho broka wake anaruhusu ni loti 0.01, yaani Euro 1,000. Kwa kiasi hicho, kila pipsi ni senti 10 za Dola. Kwa hivyo pipsi 28 za ule mfano ni hatari ya Dola 2.80. Iko ndani ya mpaka.

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Tuseme umbali hadi Stop Loss ungekuwa pipsi 45. Hatari ingekuwa Dola 4.50, na hawezi kupunguza kiasi kwa sababu tayari yuko kwenye loti ndogo kabisa. Mpango unamwambia aiache biashara hiyo hata kama chati inapendeza.

“Si eti ni mbaya. Ni akaunti yangu ndio ndogo. Kusogeza Stop Loss karibu ili hesabu ikubali ni kujidanganya, utatolewa na mtikisiko wa kawaida tu,” anasema.

Linganisha na usiku ule wa hasara. Mara ya kwanza alinunua loti 0.20, kila pipsi ikawa Dola 2. Bei iliposhuka pipsi 40, aliongeza loti 0.20 nyingine, kila pipsi ikawa Dola 4. Bei ilishuka pipsi 80 kwa jumla. Mwendo huo huo, kwa loti 0.01 na Stop Loss ya pipsi 30 ambayo haijaguswa, ungemgharimu karibu Dola 3.

Juu ya mpaka wa kila biashara kuna mipaka mingine. Biashara ni moja kwa siku. Akipoteza Dola 9 kwa wiki, hafanyi kitu hadi Jumatatu. Akipoteza Dola 18 kwa mwezi, anarudi kwenye akaunti ya majaribio hadi mwezi uishe. Na akaunti ikishuka hadi Dola 240, anasimama kabisa na kuandika mpango upya.

Mpaka wa wiki hauna maana kwamba mpango umeharibika. Mtu anayeshinda mara nne kati ya kumi anaweza kabisa kupoteza mara tatu mfululizo. Ukichukua biashara tatu zozote zinazofuatana, uwezekano huo ni takriban mmoja kati ya tano. Mpaka huo unamzuia mtu mwenyewe, kwa sababu baada ya hasara ya tatu mkono huanza kutafuta kulipiza.

Sharti la mwisho linahusu mshahara. Kodi, chakula na nauli haviguswi. Akaunti haiongezewi pesa katikati ya mwezi, na kamwe haiongezewi kwa mkopo wa simu. Hata broka alimchagua baada ya kuhakikisha kwamba amepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ambayo huweka orodha yake mtandaoni.

Kukagua: Jumamosi asubuhi

Soko likiwa limefungwa, Jumamosi asubuhi anatoa daftari. Kila biashara ina mstari wake: tarehe, sababu ya kuingia, Stop Loss, matokeo, na swali moja la ndiyo au la: je, ilifuata mpango?

Matokeo haandiki kwa Dola bali kwa mafungu. Fungu moja ni zile pesa alizohatarisha. Akipoteza kama alivyopanga, anaandika toa moja. Akifika Take Profit, anaandika ongeza mbili. Kwa njia hiyo, ukubwa wa akaunti haumchanganyi.

Baada ya wiki 12, daftari lilikuwa na biashara 20. Jumla yake ilikuwa hasara ya mafungu mawili, karibu Dola 6. Mtu mwingine angesema mbinu haifanyi kazi, aende atafute nyingine.

Lakini alipozigawanya kwa lile swali la ndiyo au la, picha ilibadilika. Biashara 15 zilifuata mpango. Alishinda sita, akapata mafungu 12, na kupoteza tisa, mafungu tisa. Zilimwachia mafungu matatu. Zile tano zilizobaki hazikufuata mpango. Moja ilimpa fungu moja, mbili zikachukua fungu moja kila moja, na mbili alizosogeza Stop Loss zikachukua mafungu mawili kila moja. Hizo tano pekee zilikula mafungu matano.

Akaangalia saa. Tatu kati ya tano aliziingia kazini, wakati wa chakula cha mchana, kwa simu, mshumaa ukiwa bado haujafungwa.

Dawa aliyoandika ilikuwa moja tu: aliondoa programu ya broka kwenye simu. Sasa anaweka maagizo kwa tarakilishi ya nyumbani pekee. Hakugusa masharti ya kuingia. Anasema ukibadilisha mambo matatu kwa wiki moja, hutajua ni lipi lililosaidia.

Hata hivyo, haringi na yale mafungu matatu. Kwa faida ya mara mbili ya hatari, mtu hurudisha pesa zake tu akishinda mara moja kati ya tatu, kabla ya ada za broka. Yeye ameshinda sita kati ya 15, na idadi hiyo ni ndogo. Bahati peke yake inaweza kuleta matokeo hayo. Ameamua kutoongeza pesa hadi afikishe biashara 50 zilizofuata mpango.

Na ukigeuza mafungu hayo matatu kuwa pesa, ni Dola 9 hivi, yaani Sh1,170 kwa miezi mitatu. Haifiki nauli yake ya wiki mbili ya matatu kutoka Umoja hadi kazini na kurudi.

“Mshahara ndio unanilisha. Hii bado ni shule, na karo nimeiandika: Dola tatu kwa somo,” anasema, akifunga daftari.