Kuchukua mteremko kipande kwa kipande

Kwenye ludo, kete haitoki nyumbani mpaka dadu ionyeshe sita. Kuna anayeipata mara ya kwanza, na kuna anayerusha raundi baada ya raundi huku wenzake wakizunguka ubao. Kwa wastani, ni mirusho mingapi mpaka sita itokee? Wengi hujibu sita bila kusita, na jibu ni sahihi. Kulithibitisha ndiko kunakoanzisha kazi yenyewe.

Uwezekano wa kupata sita kwenye mrusho wa kwanza ni 1/6. Ili ije kwenye mrusho wa pili, lazima wa kwanza ukose, kwa hiyo uwezekano ni 5/6 × 1/6. Kwa mrusho wa tatu, makosa ni mawili: 5/6 × 5/6 × 1/6. Na kwa kuwa hakuna sheria inayoilazimisha dadu kuonyesha sita mapema, orodha hii haina mwisho. Wastani hupatikana kwa kuzidisha kila idadi ya mirusho kwa uwezekano wake, kisha kujumlisha vyote. Tukiiita 5/6 kuwa x, hesabu inakuwa hivi:

1/6 × (1 + 2x + 3x² + 4x³ + …)

Jumla iliyo kwenye mabano haijulikani, lakini ina ndugu anayejulikana sana:

1 + x + x² + x³ + … = 1/(1 − x)

Huyu hufunguka kirahisi. Ukimzidisha kwa x, kila kipande kinasogea nafasi moja. Ukitoa mstari mmoja kwenye mwingine, vyote vinafutana na kubaki 1. Hilo hufaa mradi x iwe kati ya −1 na 1, kwa sababu hapo vipande vinapungua kwa kasi na jumla inatulia. Umbali huo kutoka sifuri hadi ukingoni, ambao hapa ni 1, ndio nusu kipenyo cha eneo ambamo mfululizo unatulia.

Sasa, mteremko wa mchoro wa x² ni 2x, wa x³ ni 3x², wa x⁴ ni 4x³. Basi mfululizo wa ludo ni ule wa ndugu yake, uliochukuliwa mteremko kipande kwa kipande. Na mteremko wa 1/(1 − x) ni 1/(1 − x)². Ukiweka 5/6, unapata 36. Gawanya kwa 6, jibu ni 6.

Ni haraka mno, na haraka hiyo inadai maelezo. Kanuni ya kwamba mteremko wa jumla ni jumla ya miteremko imethibitishwa kwa vipande viwili, kumi, au milioni moja. Nani kaihakikishia kwa vipande visivyo na mwisho?

Niels Henrik Abel, mwanahisabati wa Norwe aliyezaliwa mwaka 1802, alilisumbukia swali hili. Januari 1826, akiwa Berlin, alimwandikia barua mwalimu wake Holmboe akilalamika kwamba watu wanaifanyia mifululizo isiyo na mwisho kila kitu kana kwamba ina mwisho. Alitoa mfano huu, ulio sahihi kwa kila x kati ya −π na π:

x/2 = sin x − (sin 2x)/2 + (sin 3x)/3 − …

Upande wa kushoto una mteremko wa 1/2. Chukua mteremko wa kulia kipande kwa kipande: cos x − cos 2x + cos 3x − … Weka x = 0, na kinachobaki ni 1 − 1 + 1 − 1 + … Ukijumlisha hatua kwa hatua, unapata 1, kisha 0, kisha 1, kisha 0. Hakitulii kamwe, achilia mbali kufika 1/2. Njia ileile iliyofaulu kwenye ludo imeanguka hapa.

Tofauti iko kwenye kasi ya vipande kupungua. Kuchukua mteremko huzidisha kipande cha n kwa n. Kwenye mfululizo wa Abel, vipande vilikuwa vimegawanywa kwa n tu, kwa hiyo kuzidisha huko kulifuta upungufu wote. Mfululizo wa vipeo vya x una akiba kubwa zaidi. Simama popote ndani ya eneo, tuseme x = 0.5 ilhali ukingo ni 1. Kati yako na ukingo kuna nafasi, kwa mfano 0.8, ambako mfululizo bado unatulia. Ukilinganisha na vipande vya kule 0.8, kila hatua vipande vyako vinapungua zaidi kwa kuzidishwa na 0.5/0.8, yaani 0.625. Kizidisho n hakiwezi kushindana na hilo: kutoka kipande cha 10 kwenda cha 11, n inaongeza asilimia 10 tu, ilhali 0.625 inakata zaidi ya theluthi. Kadiri unavyoendelea, mchango wa n unazidi kuwa mdogo, lakini mkato haubadiliki. Ndiyo maana mfululizo mpya unatulia pia, na nusu kipenyo hakisinyai.

Bado kuna nusu ya pili ya hoja, ambayo wanafunzi wengi huiruka. Kutulia ni jambo moja. Kutulia kwenye mteremko halisi ni jambo jingine. Mteremko hupatikana kwa kusogea hatua ndogo h, kupima mchoro umepanda kiasi gani, na kugawa kwa h. Kwa kipande xⁿ, kosa la kipimo hicho halizidi h mara n(n − 1)/2 mara sⁿ⁻², ambapo s ni namba isiyopitwa na x wala x + h. Jumlisha makosa yote: n(n − 1) nayo inashindwa na mkato uleule, kwa hiyo jumla ni namba fulani yenye kikomo, mara h. Punguza h, na kosa lote linakwisha.

Kwa ndugu yetu 1/(1 − x), pale x = 0.5 na s = 0.6, namba hiyo ni 15.625. Kwa h = 0.01, kosa haliwezi kuzidi 0.157. Kipimo chenyewe kinatoa takribani 4.082 badala ya 4, na kwa h = 0.001 kinatoa 4.008.

Karibu na ukingo, kanuni inabaki kweli lakini inakuwa nzito. Pale x = 0.99, vipande vya mfululizo wa mteremko havianzi kwa kupungua. Vinapanda mpaka karibu 37, pale n inapofika mia hivi, ndipo vinaanza kushuka. Jumla kamili ni 10,000, ilhali vipande mia vya kwanza vinafikisha takribani 2,680 tu. Anayekomea hapo, akidhani amejumlisha vya kutosha, amekosa karibu robo tatu ya jibu.

Ukingoni penyewe dhamana inakwisha. Mfululizo x + x²/4 + x³/9 + … unatulia pale x = 1, na jumla yake ni π²/6. Chukua mteremko kipande kwa kipande hapohapo, na unabaki na 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + …, jumla inayopanda polepole sana bila kikomo.